Mauzo yamepanda, pesa haionekani: dashibodi ya wiki ya meneja wa duka iwe na nini?

*"Nasimamia duka la vifaa vya nyumbani. Mwenye duka alitaka dashibodi ya kila wiki, nikatengeneza lahajedwali lenye viashiria 23, rangi nyekundu na kijani, na grafu nne za duara. Kila Jumatatu naitazama karibu saa nzima na sijui nifanye nini. Wiki iliyopita tuliweka ofa, mauzo yakafika 32,700 wakati wastani wetu ni 30,000, kila kitu kikawa kijani. Siku tatu baadaye nikakosa pesa ya kumlipa msambazaji. Nimekutumia namba zote. Nipunguze nini, nibakize nini?"*

Nimezipitia namba zako mara mbili. Pesa yako haijaibiwa, na jibu lilikuwemo kwenye lahajedwali lako tangu Jumatatu. Lilizikwa tu chini ya mambo mengine 18. Tuifuate hiyo pesa kwanza, maana njia itakayopita ndiyo itakayotuambia dashibodi iwe na mistari gani.

Mauzo ya 32,700 yanatokana na vitu viwili tu: risiti ngapi zilikatwa, na kila risiti ilikuwa na thamani gani kwa wastani. Wiki ile mlikata risiti 606. Kawaida yenu ni 600. Kwa hiyo wateja hawakuongezeka. Kilichoongezeka ni ukubwa wa risiti, kutoka 50 hadi kama 54. Watu wale wale waliokuwa wanakuja walibeba zaidi kwa sababu ya ofa. Si jambo baya, ila ni tofauti na ulivyomwandikia mwenye duka kwamba "ofa imeleta wateja wapya".

Sasa toa gharama ya bidhaa zilizouzwa, yaani bei mliyozinunulia. Kwa kawaida mnauza 30,000, gharama ni 21,000, faida ghafi ni 9,000. Hiyo ni asilimia 30 ya mauzo. Wiki ya ofa gharama ilikuwa 24,525, faida ghafi ikabaki 8,175, asilimia 25. Mmeuza 2,700 zaidi, mkabaki na 825 pungufu. Keshia alifanya kazi zaidi, stoo ilifanya kazi zaidi, na duka likapata kidogo kuliko wiki ya kawaida.

Wengi hawaamini wakiambiwa punguzo linauma hivyo, kwa hiyo nitalionyesha kwa bidhaa moja. Umenunua kwa 70, unauza 100, faida ni 30. Unatangaza punguzo la asilimia 10, unauza 90. Punguzo ni 10 tu, lakini lote limekatwa kwenye faida, maana msambazaji wako hajapunguza kitu. Faida imeshuka kutoka 30 hadi 20. Ili upate faida ile ile ya kuuza vipande 100, sasa lazima uuze 150. Nusu zaidi. Ofa nyingi haziongezi mauzo kwa nusu. Na hapo hapo angalia kosa jingine lililomo kwenye lahajedwali lako: safu yako ya "faida" inagawanya 30 kwa 70, inatoa karibu asilimia 43. Hiyo ni nyongeza juu ya bei ya kununulia, inafaa wakati wa kupanga bei. Kwenye dashibodi gawanya kwa bei ya kuuzia, ili namba yako ilingane na mauzo yaliyoandikwa mstari wa juu yake.

Lakini 825 haiwezi kumfanya mtu ashindwe kumlipa msambazaji. Pesa kubwa ilikwenda kwingine. Wiki ilianza mkiwa na stoki ya 126,000 kwa bei ya kununulia. Mkanunua mzigo wa 45,525. Zikatoka bidhaa za 24,525. Imebaki stoki ya 147,000. Yaani 21,000, sawa na gharama ya bidhaa za wiki nzima, zimegeuka mzigo uliokaa kwenye rafu na stoo. Umeeleza kwamba mlichukua mzigo mkubwa kwa sababu msambazaji aliwapa bei nzuri mkinunua kwa wingi, na akataka nusu ya malipo palepale. Ndiyo hiyo pesa unayoitafuta.

Na wewe ulikuwa na kiashiria cha stoki! Kilisomeka "wiki 6", kijani, kama siku zote. Hapa ndipo nilipofurahi kidogo, maana ni mtego ambao nami niliwahi kunaswa nao. Wiki za stoki ni thamani ya stoki gawanya kwa gharama ya bidhaa zinazotoka kwa wiki. Lahajedwali lako linagawanya kwa gharama ya wiki hiyo hiyo moja: 147,000 kwa 24,525, jibu ni 6. Stoki imevimba, lakini kwa kuwa ofa ilivimbisha na mauzo, kigawanyo nacho kikavimba, na uwiano ukatulia palepale. Ofa ikiisha, mauzo yanarudi chini na stoki inabaki juu. Gawanya kwa wastani wa wiki 12 zilizotangulia, ambao ni 21,000, na utapata 7. Wiki nzima zaidi ya kawaida yenu.

Kwa hiyo viashiria vyako havikuwa vibovu vyote. Tatizo ni kwamba 18 kati ya 23 haviwezi kukufanya ubadilishe jambo lolote siku ya Jumatatu. Wafuasi wa mtandaoni, umeme kwa siku, mauzo ya kila saa, bidhaa kumi zinazoongoza (ambazo ni zile zile kila wiki). Kipimo ninachotumia ni rahisi: kwa kila namba, jaza sentensi hii, "Ikishuka chini au ikipanda juu ya kiasi fulani, Jumatatu nitafanya…" Ukishindwa kuimalizia, namba hiyo iende kwenye ripoti ya mwezi au ifutwe. Kwa duka kama lako zinabaki tano, naongeza ya sita, na wiki iliyopita zingesomeka hivi:

| Kiashiria | Wiki hii | Wastani | Kawaida huchezea |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 32,700 | 30,000 | 26,000 – 34,000 |
| Risiti | 606 | 600 | 527 – 673 |
| Wastani wa risiti | 54 | 50 | 45 – 55 |
| Faida ghafi (%) | 25 | 30 | 28 – 32 |
| Wiki za stoki | 7.0 | 6.0 | 5.4 – 6.6 |
| Bidhaa kuu zilizokosekana (%) | 15 | 8 | 0 – 18 |

Safu ya mwisho ndiyo moyo wa ukurasa huu, na ndiyo inayokosekana kwenye dashibodi nyingi ninazoletewa. Yako ilipaka kijani namba ikiwa juu ya wiki iliyopita, nyekundu ikiwa chini. Lakini duka halijawahi kuuza sawasawa wiki mbili mfululizo hata kama hakuna kilichobadilika. Mvua, mgonjwa mmoja kwenye timu, mteja mkubwa aliyeahirisha. Ukilinganisha na wiki iliyopita peke yake, karibu nusu ya wiki zako zitakuwa nyekundu bure, na wewe utakuwa unaitisha vikao vya kueleza bahati. Nilifanya kazi na meneja aliyekuwa akigomba kila wiki nyekundu na kusifu kila wiki ya kijani. Baada ya miezi michache aliamini kabisa kwamba ukali unaleta matokeo na sifa zinawaharibu watu, kwa sababu baada ya wiki mbaya sana kwa kawaida huja wiki ya wastani, na baada ya wiki nzuri sana vilevile.

Unachohitaji kujua ni namba hii huchezea wapi ikiachwa yenyewe. Tuchukue risiti zako za wiki kumi kabla ya ofa: 588, 612, 603, 571, 619, 596, 608, 580, 625, 598. Wastani wake ni 600. Sasa tafuta kila wiki iliruka kiasi gani kutoka iliyotangulia, bila kujali ilipanda au ilishuka: 24, 9, 32, 48, 23, 12, 28, 45, 27. Wastani wa mirukano hiyo ni 27.6. Zidisha kwa 2.66, unapata karibu 73. Ongeza na utoe kwenye 600: mipaka yako ni 527 na 673.

Kwenye lahajedwali, risiti zikiwa safu B kuanzia B2 hadi B11, andika kanuni ya kwanza kwenye C3 na uivute chini hadi C11. Mbili zinazofuata ni mpaka wa juu na wa chini:

```
=ABS(B3-B2)
=AVERAGE(B2:B11)+2.66*AVERAGE(C3:C11)
=AVERAGE(B2:B11)-2.66*AVERAGE(C3:C11)
```

Hiyo 2.66 haikuokotwa njiani. Ni 3 gawanya kwa 1.128, na 1.128 ndiyo inayogeuza wastani wa mirukano kuwa kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika. Chanzo cha hesabu za namna hii ni Walter Shewhart, mwanafizikia Mmarekani aliyechora chati yake ya kwanza mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya vifaa vya simu, ambako mafundi walikuwa wakirekebisha mashine kila kipande kikitofautiana kidogo na hivyo kuzidi kuiharibu. Duka lina mashine za namna hiyo pia: bei, oda, zamu za wafanyakazi.

Namba ikibaki ndani ya mipaka, usiulize "kwa nini wiki hii". Ikitoka nje, kuna sababu, itafute. Kuna ishara ya pili iliyo tulivu zaidi: wiki nane mfululizo upande mmoja wa wastani, hata kama hakuna iliyovuka mpaka. Hiyo maana yake duka limehamia mahali pengine kidogo kidogo, na aghalabu mtu haoni kwa macho.

Sasa rudi kwenye jedwali. Mauzo ya 32,700, yale yaliyowafanya mshangilie, yako ndani ya kawaida. Wiki isiyo na ofa yoyote ingeweza kufika hapo. Waliotoka nje ni wawili tu, faida ghafi na wiki za stoki, na hao wawili ndio waliokula pesa ya msambazaji. Dashibodi hii ungeisoma kwa dakika tano na ungejua pa kwenda.

Mipaka ina masharti yake. Usiipige upya kila wiki, vinginevyo itakuwa inamfuata mgonjwa badala ya kumpima. Iache ikae, uibadilishe pale tu unapojua kilichobadilika, mfano mmeongeza saa za kufungua. Wiki sita za data ni chache mno, mipaka yake itakuwa ya kubahatisha. Kumi zinatosha kuanzia. Na wiki za sikukuu au za kufungua shule usizichanganye na za kawaida. Zilinganishe na wiki kama hiyo ya mwaka uliopita, uandike pembeni. Kama wateja wako wengi hununua baada ya mshahara, mauzo yatakuwa na mdundo wa mwezi, na mipaka itakuwa mipana kuliko inavyostahili. Hapo asilimia ya faida na wiki za stoki hukusaidia zaidi ya mauzo, kwa kuwa hazitikiswi sana na mdundo huo.

Kuhusu mstari wa mwisho wa jedwali, ambao haukuwemo kabisa kwenye dashibodi yako. Mfumo wa mauzo hurekodi kilichouzwa. Hauwezi kurekodi mteja aliyesimama mbele ya rafu tupu akaondoka. Kwa hiyo chagua bidhaa 20 ambazo mtu akizikosa ataenda duka jingine, na mara mbili kwa wiki, siku na saa ile ile, mtu mmoja apite na karatasi aweke alama: ipo kwenye rafu au haipo. Ni ukaguzi 40 kwa wiki. Nilipokuomba ufanye hivyo kwa wiki ile na zilizotangulia kwa kupitia picha za rafu mlizokuwa nazo, wiki ile ulikuta sita hazikuwepo, asilimia 15.

Kinachonivutia ni kilichomo ndani ya hizo sita. Mbili zilikuwa stoo, hazikupangwa tu. Hilo ni suala la zamu ya asubuhi. Tatu zilikuwa zimekwisha kweli na oda haikutumwa kwa sababu pesa ilikuwa imeshakwenda kwenye ule mzigo mkubwa. Moja mfumo ulisema zipo nne, rafuni na stoo hakuna hata moja. Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari, kwa sababu mfumo unaoamini zipo nne huenda usikukumbushe kuagiza kamwe. Kwa hiyo usiruhusu mtu ajaze mstari huu akiwa ofisini kwa kuangalia kompyuta. Apite kwa miguu.

Angalia pia kwamba duka lilikuwa na stoki kupita kiasi na rafu tupu kwa wakati mmoja. Si jambo la ajabu. Ndiyo sababu wiki za stoki za duka zima hazitoshi peke yake: 7 inaweza kuwa wiki 3 za bidhaa zinazotoka haraka na wiki 20 za zile zilizolala. Mstari huo ukitoka nje ya mipaka, fungua orodha ya stoki kwa kundi la bidhaa. Ila iache orodha hiyo ukurasa wa pili. Ukiileta ukurasa wa kwanza, tutarudi kwenye viashiria 23.

Utaniuliza, je, pesa taslimu haistahili mstari? Ikiwa mnanunua kwa mkopo na malipo yanaangukia siku tofauti, ndiyo, ongeza wa saba: malipo yanayoiva ndani ya siku 14, na pembeni yake salio la akaunti. Huo usiuwekee mipaka ya hesabu. Unalinganisha tu upande wa kushoto na wa kulia. Ungekuwepo, ungelijua tatizo lako siku tatu mapema, muda wa kutosha kumpigia msambazaji na kuomba wiki moja.

Rangi ziondoe. Namba iliyotoka nje ya mipaka iandikwe kwa herufi nene, basi. Itasomeka hata ikichapishwa bila rangi, na hata kwa mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani. Grafu za duara nazo ziondoke, kwa kuwa zinaonyesha mgawanyo wa siku moja wakati wewe unataka kuona mwendo. Kama unataka picha, weka grafu ya mstari ya wiki 12 kwa asilimia ya faida ghafi, yenye mistari miwili ya mipaka. Moja inatosha. Chini ya jedwali acha nafasi ya kuandika kwa mkono mambo matatu: nini kimetoka nje, nani atafanya nini, lini tutaangalia tena. Jumatatu inayofuata anza kwa kusoma hayo matatu kabla ya namba mpya.

Kabla hujaichapisha ya kwanza, sawazisha mambo mawili madogo ambayo yameharibu dashibodi nyingi kuliko hesabu mbovu. Kwanza, wiki yenu iishe siku moja daima. Kwenye data zako kuna wiki mbili zilizofungwa Jumamosi na nyingine Jumapili. Pili, mauzo yawe baada ya kutoa kodi ya mauzo na bidhaa zilizorudishwa. Kodi si pesa yenu, na ukiiacha ndani, asilimia ya faida itapotoka kila wiki bila kelele. Halafu chukua bidhaa kumi, linganisha bei ya kununulia iliyo kwenye mfumo na ankara ya mwisho. Kama mfumo bado una bei ya mwaka jana, ile asilimia 30 unayoiamini huenda haipo.

Sehemu moja siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama baada ya kurekebisha bei za mfumo bado faida ghafi inasomeka vizuri lakini pesa inazidi kupungua, wiki baada ya wiki, bila ongezeko la stoki wala malipo makubwa, basi stoki iliyoandikwa na iliyopo hazilingani. Inaweza kuwa mzigo uliopokelewa pungufu, uharibifu usioandikwa, makosa ya keshia, au wizi, na kwa namba za wiki huwezi kutofautisha. Usimtaje mtu. Mwite mhasibu aje dukani, mhesabu stoki yote siku duka limefungwa, watu wawili kwa kila rafu, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, bila ya wao kuona namba za mfumo. Na mpaka hesabu hiyo iishe, asiwepo mtu wa kusahihisha idadi kwenye mfumo, hata wewe, kwa sababu masahihisho hayo ndiyo mhasibu atakayotaka kuyaona kwanza.